Namna ya kuitambua mashine ya kunyolea kwa picha kabla ya kununua visu na chaja

Mashine ya umeme ya kunyolea ndevu iliyonunuliwa mtumba aghalabu haina boksi wala kijitabu cha maelekezo. Visu vikiisha makali, mwenye nayo huipiga picha ya mbele na kuituma kwa muuzaji wa vipuri. Picha hiyo husaidia kidogo, kwa kuwa mashine za kampuni moja hufanana mno.

Mfano ni mashine za Philips zenye vichwa vitatu. Katika kundi liitwalo 5000 imo S5420, inayotumia vichwa vya SH50, na imo pia S5587, inayotumia vichwa vya SH71. Anayeomba visu vya 5000 pasipo kutaja zaidi anaweza kulipia visivyofaa mashine yake.

Picha yenye manufaa ni ile ya maandishi madogo yaliyo kwenye mwili wa mashine. Hutafutwa nyuma ya mpini, upande wa chini na karibu na tundu la chaja. Yakiwa yamechongwa katika plastiki nyeusi, mwanga wa mbele huyafuta machoni. Heri tochi ishikwe ubavuni ili kila herufi itupe kivuli. Kusugua chaki kidogo juu yake, kisha kupangusa, nako husaidia, mradi vumbi lisiingie tunduni.

Tuseme picha imesomeka S5420/06. Sehemu iliyo kabla ya mkwaju ndiyo modeli, nayo ndiyo ya kumtajia muuzaji. Tarakimu zinazofuata huonyesha toleo la soko au la vifaa vilivyofungashwa pamoja, na kwa kawaida hazibadilishi visu. Hadhari iwe katika kutofautisha S na 5, au 8 na B.

Maandishi yakiwa yamefutika kabisa, vichwa hufunguliwa, na upande wa ndani hupigwa picha pamoja na rula. Muuzaji hulinganisha umbo na vishikizo vyake. Ni njia ya kubahatisha kuliko ile ya namba, hivyo ni busara kukubaliana mapema kuhusu kurudisha bidhaa.

Kwa chaja, kosa ni la hatari zaidi. Chaja ya Philips HQ8505 hutoa volti 15, ilhali A00390 hutoa volti 4.3 tu. Ncha ya waya kuingia tunduni si ushahidi kwamba chaja inafaa: volti zikizidi mno, betri au saketi huweza kuungua. Volti sharti zilingane na zilizoandikwa kwenye mashine au chaja ya zamani. Ampea zaweza kuzidi, lakini zisipungue. Pale lebo inapotaja wati pekee, wati hugawanywa kwa volti: HQ8505 yenye wati 5.4 na volti 15 hutoa ampea 0.36. Mwisho hutazamwa mchoro wa chanya na hasi, ambao nao lazima ufanane.