Tosha na Unbwogable

Tarehe 14 Oktoba 2002, Raila Odinga alisimama mbele ya umati pale Uhuru Park, Nairobi, akatamka maneno mawili: “Kibaki tosha.” Ukiyapeleka kwa mwalimu wa Kiswahili atakurudishia na kalamu nyekundu, maana kitenzi hakina kichwa. Ilipaswa kuwa “Kibaki anatosha.” Lakini jaribu kumwandikia msomaji wa Dodoma hivyo uone. Atadhani tunazungumzia shati.

Mwaka huohuo Gidi Gidi Maji Maji walikuwa wametoa wimbo wao Unbwogable. Katikati ya neno hilo kuna kitenzi cha Kidholuo, bwogo, yaani kutisha au kushtua, kilichovalishwa kofia na viatu vya Kiingereza. Asiyetishika, basi. Wimbo unataja wanasiasa wa Kiluo kwa majina, na haukutungwa kwa ajili ya kampeni ya mtu wa Othaya. Ila muungano wa NARC uliuchukua, na kabla ya uchaguzi wa 27 Desemba neno la Kidholuo lilikuwa likipigiwa kelele Nyeri, na watu ambao hawakuwa na neno lingine lolote la lugha hiyo. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa, kuliko hata kura zenyewe.

Kwa muda sasa nimekuwa nikirekodi wazee wa Endarasha wakiongea, kisha naweka Kikuyu chao kwa Kiswahili. Maneno ya shamba hayanisumbui sana. Kinachonikwamisha ni hivi vipande vya nyimbo na vya mikutano, vinavyotupwa katikati ya sentensi kama chumvi.

Chukua shosho mmoja na dalali wa viazi. Dalali anataka gunia lishonewe kichwa cha wavu juu, lijae kupita zile kilo 50 za sheria, bei ibaki ileile. Shosho anakunja mikono, anawageukia majirani: “Mwambieni huyu mimi ni unbwogable.” Majirani wanavunjika mbavu. Dalali, kijana aliyezaliwa baada ya Moi kuondoka, anabaki ameduwaa.

Mara ya kwanza niliandika “mimi siogopi mtu.” Maana ni sahihi, na kinywani mwa shosho mwingine ingetosha. Lakini hebu isome tena na useme majirani wanacheka nini. Hakuna. Kicheko kilitokana na mwaka 2002: mama wa viazi amejipandisha jukwaani, dalali amegeuzwa kuwa serikali ya zamani inayoomba muda zaidi. Tafsiri inabeba ujasiri wake na kuacha utani wake sokoni. Hapo ndipo mimi huacha kutafsiri nikaeleza. Kipimo changu ni hicho tu: nikiweka neno la kawaida mahali pake, je, waliokuwepo bado wana sababu ya kufanya walichofanya?

Na maelezo nayo yana kiasi chake. Ukisimamisha shosho ili utoe mhadhara wa NARC, umeua mchezo. Niliacha neno lake lilivyo, nikaongeza maneno machache upande wa majirani: “wakacheka, wakikumbuka kampeni ya 2002.” Basi. Asiyejua wimbo atajua walau kwamba kuna wimbo.

Tosha imeenda njia nyingine kabisa. Siku hizi ni jina. Mtu hupewa tosha, huomba tosha, hunyimwa tosha. Hata mwenyekiti wa chama cha akina mama anaweza kumpa mwenzake. Anayesema hivyo huenda hamfikirii Kibaki wala Raila. Neno limechakaa vizuri, kama jembe lililozoea mkono, kwa hiyo naandika “alimuunga mkono” bila kusita, na simchoshi mtu na Uhuru Park. Isipokuwa likija na jina la Kibaki mbele. Hapo limerudi jukwaani, na linadai maelezo yake.

Kuna jambo lingine ambalo tafsiri haliwezi kabisa, nalo ni tarehe ya msemaji. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 Kibaki na Raila walikuwa pande mbili. Uchaguzi wa Desemba 2007 ukaleta damu. Zaidi ya watu 1,000 wakafa. Neno lilelile la Kidholuo, mlimani, likitamkwa mwanzoni mwa 2008, halikuwa la kuchekesha tena. Siku nyingine mzee mmoja, akinisimulia miezi hiyo, alilifikia, akaliruka, akasema “ule wimbo wao.” Wao! Miaka mitano tu kabla ulikuwa wetu.

Hapo sikutafsiri neno lolote, maana halikutamkwa. Niliandika “ule wimbo wao” kama alivyosema, kisha nikaweka mabano mafupi: jina la wimbo, na mwaka ambao yeye mwenyewe aliucheza.