Mipaka ya Kimaadili ya Madai ya Haraka na Uhaba katika Matangazo ya Msimu wa Shule

Matangazo ya msimu yana sifa inayoyatofautisha na matangazo mengine: yanajengwa juu ya tarehe ambayo mnunuzi hawezi kuisogeza. Shule zinapofunguliwa Januari, mzazi lazima awe na sare, madaftari na begi, atake asitake. Hatari ya kimaadili huanzia hapo. Muuzaji anapoongeza tarehe yake ya kubuni, kwa mfano "ofa inaisha leo saa sita usiku", tarehe hiyo huazima nguvu kutoka kwa ile ya kweli, na msomaji hushindwa kutambua ipi ni ya shule na ipi ni ya duka.

Si kila dai la haraka ni ulaghai. Chukua duka la sare ambalo fundi wake anahitaji siku saba kukamilisha oda. Tangazo linalosema kwamba oda zitakazoletwa baada ya siku fulani hazitakuwa tayari shule zikifunguliwa linamsaidia mzazi kupanga, kwa sababu linataja sababu na linaweza kuhakikiwa. Sasa duka hilohilo liandike "Yamebaki mabegi 12 tu!" wakati 12 hayo ni ya saizi moja na stoo ina mengine 300. Idadi iliyotajwa ni sahihi, lakini picha anayoipata msomaji si ya kweli. Dai la uhaba lililo aminifu hutaja saizi, rangi, na siku ambayo mzigo mwingine unatarajiwa.

Mtandaoni dalili za udanganyifu huonekana kwa anayezitafuta. Saa inayohesabu kurudi nyuma huanza upya ukurasa unapofunguliwa kwenye simu nyingine, na bei hubaki ileile baada ya saa kufika sifuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliochunguza takribani tovuti 11,000 za maduka mwaka 2019 walikuta saa za namna hiyo, pamoja na jumbe za bidhaa kukaribia kuisha ambazo namba zake zilizalishwa kiholela na programu, bila uhusiano wowote na mzigo uliokuwepo.

Uongo wa aina hii sheria inaujua. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 kuhusu mienendo isiyo ya haki ya kibiashara yanakataza moja kwa moja kudai kwa uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi sana ili mnunuzi aamue papo hapo. Swali gumu zaidi ni la dai lililo kweli linaloelekezwa kwa mtu asiye na nafasi ya kulipima.

Mazoea ni kuwahesabu wanyonge kwa tabia za kudumu, kama vile uzee, ugonjwa au kutojua kusoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, unapanua picha hiyo. Wakulima walewale walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, fedha zilipokuwa zimekauka, kuliko baada ya kulipwa. Tafsiri ya matokeo hayo imebishaniwa, lakini yanaelekeza kwenye jambo zito: mtu mwenye uwezo wa kutosha mwezi Agosti anaweza kuwa mnyonge Januari, baada ya sikukuu, karo ikiwa bado haijalipwa.

Madhara yenyewe hupimika. Tuseme begi la shilingi 1,200 linauzwa 1,100 "leo tu", na mzazi anakopa 1,100 kwa simu kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Ada ni shilingi 88, hivyo punguzo limekaribia kumezwa lote. Mkopo ukiingia mwezi wa pili kwa ada ileile, amelipa zaidi ya bei ya kawaida. Kama begi hilo lingepatikana kwa 1,100 wiki iliyofuata, baada ya mshahara, kilichomgharimu ni ile saa iliyowekwa kwenye tangazo.

Sheria ya Kenya ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inatambua kauli kandamizi kwa mtu asiyeweza kulinda maslahi yake kwa sababu ya ulemavu, kutofahamu, kutojua kusoma, kutoelewa lugha, au mambo yanayofanana na hayo. Maneno hayo ya mwisho yanatoa nafasi ya kujenga hoja kwamba ukata wa msimu nao umo. Hata hivyo mwandishi wa matangazo hapaswi kusubiri mahakama. Kabla ya kuandika namba ataomba daftari la stoo, na kabla ya kuandika tarehe atauliza ni nini hasa kitabadilika siku hiyo ikipita. Jibu likiwa ni bei ambayo duka lenyewe limeamua kuipandisha, aieleze kama uamuzi wa duka na kuitaja bei mpya. Pale ambapo bidhaa ni ya lazima na tangazo linawekwa kando ya kitufe cha mkopo, saa ya kuhesabu iondolewe hata ikiwa ni ya kweli, kwa kuwa tarehe iliyoandikwa kwa maneno inampa mzazi taarifa ileile bila kumkimbiza kukopa.