Majedwali matatu ya mtandao na shida tatu zilizoyazaa

Swali hili hurudi kila muhula katika chuo kidogo cha ufundi ninakofundisha hapa Kitengela. "Mwalimu, mbona anwani ziandikwe mahali patatu? Jedwali moja halitoshi?" Vitabu vya mtihani hujibu kwa kuchora safu tatu za kukariri. Mimi huanza na miaka, kwa sababu majedwali haya hayakubuniwa siku moja wala na mtu mmoja.

Lipi lilitangulia, mwalimu?

Jedwali la njia. ARPANET ilipowashwa Marekani mwaka 1969, kila kituo kilipewa mashine ya kupokea pakiti na kuamua ni jirani yupi akabidhiwe. Jedwali hilo halikujua safari nzima, na hadi leo halijui. Linajua tu kwamba ukitaka kufika mtandao fulani, mpe mzigo huyu. Ni kama kuuliza njia ya Kajiado ukiwa Athi River. Utaambiwa panda gari la Kitengela, na ukishuka hapo utauliza tena.

Hapa Kenya tulionja gharama ya jedwali la njia lisilo na mlango wa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni za intaneti za Nairobi hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Ruta ya kampuni moja ilijua njia moja tu ya kumfikia mteja wa kampuni nyingine, nayo ilikuwa ya ng'ambo. Barua pepe ya mtu wa mtaa wa pili ilipanda hadi setilaiti, kilomita kama 36,000 juu, ikashuka bara jingine, ikapanda tena na kurudi Nairobi. Nusu sekunde ilikwisha kabla jibu halijaanza safari, tena safari hiyo ililipiwa kwa dola.

Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilifunguliwa Novemba 2000 ili kukata mzunguko huo. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kusafirisha data ya kimataifa, ililalamika, na mdhibiti akaamuru kituo kifungwe wiki chache tu baadaye. Kilifunguliwa upya Februari 2002. Baada ya hapo pakiti za jirani hadi jirani ziliacha kupanda angani, kwa sababu ruta zilikuwa zimeandikiwa mistari mipya katika majedwali yao.

Kwa hiyo jedwali la njia ni mali ya ruta tu?

La. Hapa ndipo wengi huanguka. Hata kompyuta uliyokalia inalo. Andika `ip route` kwenye Linux uone:

```
default via 192.168.1.1 dev eth0
192.168.1.0/24 dev eth0 proto kernel scope link src 192.168.1.25
```

Mstari wa pili unasema kwamba kila anwani inayoanza na 192.168.1 iko humu humu ndani, ifuate moja kwa moja. Wa kwanza unasema mengine yote yapitie 192.168.1.1, yaani ruta yetu.

Kama tayari tunajua ni 192.168.1.1, ARP ya nini?

Kwa sababu waya haujui IP. Kadi ya Etheneti huitikia anwani yake ya MAC yenye biti 48, ilhali anwani ya IP ya wakati ule ilikuwa na biti 32. Huwezi kuikunja ile kubwa ikaingia ndani ya ndogo. Novemba 1982, David Plummer wa MIT aliandika RFC 826 na kupendekeza njia nyepesi: paza sauti. Kompyuta huuliza mtandao mzima, "Nani mwenye 192.168.1.1?" Mwenyewe hujibu kwa MAC yake, na muulizaji huiandika kando asije akauliza kwa kila pakiti. Daftari hilo la muda ndilo jedwali la ARP. Utaliona kwa `ip neigh`.

Plummer hakuweka njia ya kuthibitisha anayejibu. Kwa maandishi yake, jibu jipya hufuta la zamani, hata likitoka kwa mwongo. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Na jedwali la MAC lilitoka wapi?

Etheneti ya mwanzo ilikuwa waya mmoja mnene ambao kila kompyuta ilisikia maneno ya wote. Watu walipoongezeka, kelele ikazidi. Mwaka 1986 kampuni ya DEC ilianza kuuza LANBridge 100, kifaa kilichotazama anwani ya mtumaji wa kila fremu na kukumbuka ilitokea upande gani. Fremu ya kuelekea upande ule ule haikuvushwa. Swichi yetu ya leo ni mjukuu wa kifaa hicho, ila badala ya pande mbili ina poti 24. Hujifunza yenyewe, haiulizi mtu. Isipomjua mpokeaji, humwaga fremu kwenye poti zote isipokuwa ile iliyotokea. Na isipomsikia mtu kwa sekunde 300, kwa kawaida humsahau.

Mtaona kwamba pakiti huyapitia majedwali haya kwa mpangilio ule ule wa kuzaliwa kwake. Kompyuta huuliza njia kwanza, kisha ARP, halafu swichi hutafuta poti. Pakiti ikivuka ruta, MAC hubadilika kama namba ya gari unalopanda. IP ya mwisho haibadiliki, kwa kuwa wewe bado ni abiria wa Kajiado.

Tutajuaje lipi limeharibika?

Niliwahi kuitwa kwenye maabara moja ya mji huu. Kompyuta zote zilichapisha bila shida, lakini karibu nusu hazikufika intaneti, na zilizokwama asubuhi sizo zilizokwama mchana. Fundi wa pale alikuwa amekwisha kubadilisha kebo sita.

Kuchapisha kulinionyesha kwamba waya na swichi ni wazima. `ip route` ilikuwa sawa neno kwa neno kwenye mashine mbili, moja nzima na moja mbovu. Kwenye `ip neigh` ndipo zilipoachana:

```
192.168.1.1 dev eth0 lladdr 00:00:5e:00:53:0a REACHABLE
192.168.1.1 dev eth0 lladdr 00:00:5e:00:53:17 REACHABLE
```

IP moja, MAC mbili. Kulikuwa na watu wawili walioitikia jina moja, na kila kompyuta ilimwamini yule ambaye jibu lake lilishika. Ile MAC inayoishia 0a ilikuwa imebandikwa chini ya ruta halali. Nikaenda kwenye swichi kumtafuta mwenzake:

```
show mac address-table address 0000.5e00.5317
1    0000.5e00.5317    DYNAMIC    Gi0/17
```

Poti ya 17. Tukaifuata kebo kwa mkono ukutani, ikatupeleka hadi ofisi ya mhasibu. Chini ya meza yake palikuwa na ruta ndogo ya nyumbani, aliyoileta apate waifai ya simu, nayo ilitoka kiwandani ikiwa na anwani 192.168.1.1. Ilipokea pakiti za nusu ya maabara na kuzitupa zote, kwa sababu poti yake ya kutokea nje haikuwa na waya.

Tulichomoa kebo. Mashine mbili ziliendelea kukwama kwa muda, mpaka nilipoandika `ip neigh flush all` ili zisahau jina la yule mwongo.