Bodi Inapojipa Alama: Kuisoma Tathmini ya Mwaka Kando ya Daftari la Mikopo

Bodi nyingi za ukanda wetu sasa hujitathmini kila mwaka. Kwa mashirika ya umma ya Kenya, mwongozo wa utawala bora wa mwaka 2015, unaoitwa kwa jina hilohilo la Mwongozo, uliifanya tathmini hiyo kuwa wajibu, na utaratibu kama huo umeenea hadi kwenye vyama vya akiba na mikopo. Kwa kawaida katibu hugawa dodoso, kila mjumbe hujaza alama kuanzia 1 hadi 5, wastani hukokotolewa, na jedwali likabandikwa kwenye taarifa ya mwaka. Hoja yangu ni kwamba jedwali hilo peke yake halithibitishi utendaji wa bodi. Linaeleza wajumbe wanavyojiona. Ili liwe ushahidi ni lazima lisomwe kando ya nyaraka ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya tathmini.

Nitatumia mfano niliouunda mwenyewe, ingawa yeyote aliyewahi kupekua mafaili ya SACCOS ataitambua sura yake. Bodi ina wajumbe tisa na imekutana mara sita kwa mwaka. Katika dodoso imejipa wastani wa 4.4 kwa usimamizi, 4.1 kwa uendeshaji wa vikao, na 4.9 kwa kushughulikia mgongano wa maslahi. Msomaji wa haraka ataona kuwa vikao ndiyo sehemu dhaifu na kwamba suala la maslahi halina tatizo. Mimi ningeanza na hiyo 4.9.

Chama cha akiba na mikopo hakifanani na kampuni ya saruji. Mjumbe wa bodi ni mwanachama, na mwanachama hujiunga ili akope. Kwa hiyo mgongano wa maslahi hapa si ajali inayotokea mara moja kwa miaka kadhaa. Upo mezani kila bodi inapojadili riba, muda wa marejesho, au mikopo iliyochelewa. Sasa fungua mihutasari. Katika vikao vyote sita, chini ya ajenda ya kutangaza maslahi, imeandikwa sentensi ileile: hakuna mjumbe aliyetangaza maslahi. Kisha fungua daftari la mikopo. Wajumbe wanne kati ya tisa walikuwa na mikopo hai mwaka huo, na mmoja wao aliongezewa muda wa marejesho kwa azimio la kikao cha tatu. Muhtasari wa kikao hicho unaonyesha alikuwepo tangu sala ya kufungua hadi posho zilipolipwa, na hakuna mahali panaposema alitoka nje.

Huenda hakuna aliyeiba hata shilingi. Huenda pia nyongeza ile ya muda alistahili kabisa. Lakini alama ya 4.9 imepima kitu kingine: kwamba hapakuwa na ugomvi. Swali la dodoso liliuliza kama bodi “inashughulikia vizuri” migongano ya maslahi, na mjumbe ambaye hajawahi kuona mgongano ukitajwa atajibu kwa moyo mweupe kwamba inashughulikiwa vizuri sana. Swali lenye manufaa lingekuwa gumu zaidi kulikwepa: katika mwaka huu, ni lini ulitoka nje ya kikao, na kwa ajenda ipi? Mjumbe mwenye mkopo akiacha pengo tupu hapo, pengo hilo lina maana.

Wapo watakaosema dawa ni kutangaza tu. Historia ya kampuni ya Enron ya Marekani inakataa. Mwaka 1999 bodi yake iliruhusu kanuni za maadili ziwekwe kando ili ofisa mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aendeshe mifuko iliyofanya biashara na kampuni hiyohiyo. Mgongano ule ulijulikana, ulijadiliwa na uliandikwa, na bodi ilipanga udhibiti wake, ukiwemo mapitio ya kila mwaka ya kamati ya ukaguzi. Mwaka 2000 jarida moja la watendaji wakuu liliihesabu bodi hiyo miongoni mwa tano bora nchini humo. Ila swali la mtu wa kawaida kabisa, yaani anapata kiasi gani kutoka huko, halikufuatiliwa hadi Oktoba 2001, alipowaambia wajumbe wawili kuwa ni takribani dola milioni 45. Miezi miwili baadaye kampuni iliomba kinga ya ufilisi. Kutangaza ni mlango tu. Anayekagua tathmini anapaswa kuangalia ni maswali gani yaliulizwa baada ya kutangaza, na nani alileta majibu.

Nirudi kwenye bodi yetu. Kwa usimamizi, kipimo ninachokiamini zaidi ni ajenda ya yatokanayo. Chagua pendekezo moja la mkaguzi wa nje, kwa mfano kwamba mikopo iliyochelewa ipangwe kwa umri wake na kutengewa akiba ya hasara, kisha lifuate kikao hadi kikao. Hapa linaonekana katika vikao vinne mfululizo likiwa na maelezo yaleyale, “linaendelea kufanyiwa kazi,” bila jina la mhusika wala tarehe ya kukamilika. Katika kikao cha tano limetoweka. Halikufungwa kwa azimio lolote; limeanguka tu kwenye orodha. Bodi iliyojipa 4.4 ilimwachia meneja aamue lini swali la mkaguzi limekwisha.

Kuhusu vikao nitakuwa mfupi, kwani hapo bodi imejisema yenyewe bila kujua. Kwenye kipengele cha muda wa kutosha wa majadiliano, wajumbe saba walitoa 5 na wawili walitoa 2. Wastani ni 4.3, na kwa wastani huo hakuna anayeuliza kitu. Lakini watu wawili kati ya tisa wanasema hawasikiki. Muhtasari wa kikao kimoja unawaunga mkono: kilianza saa 4 asubuhi, kikafungwa saa 8 mchana, kikiwa na ajenda 12. Hata kama hapakuwa na chai, ni dakika 20 kwa kila ajenda, na taarifa ya mikopo ilikuwa ya 11. Kabrasha lilifika jioni ya kuamkia kikao. Dodoso linalochapisha wastani peke yake huwafuta watu wawili kama hao, na ndiyo maana ningetaka mtawanyiko wa alama uonyeshwe. Tahadhari ni moja: kwenye kundi la watu tisa usiri ni mwembamba, na mwenyekiti anayeanza kukisia nani alitoa 2 atapata 5 tupu mwaka unaofuata. Heri majibu yakusanywe na mtu asiye chini yake, kwa mfano mjumbe wa kamati ya usimamizi.

Kuna pingamizi la haki: nyaraka nazo hupambwa. Katibu mwerevu anaweza kuandika kwamba mjumbe alitoka hali alikuwa amekaa. Ni kweli, ila daftari la mikopo, tarehe za malipo na barua za mkaguzi huandikwa na mikono tofauti kwa sababu tofauti, na kuzioanisha zote na uongo mmoja ni kazi nzito kuliko kuzungushia 5 kwenye karatasi.

Kwa bodi hii, basi, ningeandika kuwa alama ya usimamizi ina shaka, ya vikao ipunguzwe, na ile ya maslahi isikubaliwe kabisa hadi ajenda ya kikao cha tatu irudishwe mezani, mjumbe mwenye mkopo akiwa nje ya chumba.