Katanga: kazi kila siku, mfuko mtupu

Kolwezi, mwezi wa tano mvua ikikatika, vijana wanarudi kwenye mashimo. Ukimuuliza mmoja wao kama ana kazi, atakujibu ndiyo, tena atakuonyesha mikono yake. Ukimuuliza mwezi wa kwanza, shimo likiwa limejaa maji, atakuambia amekaa tu. Na ukimuuliza mke wake ni lini pesa ilitosha nyumbani, atakuambia haikutosha kiangazi, haikutosha masika. Jambo hili halikuanza leo. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wa Katanga wamefanya kazi nyingi kwenye shaba, na swali limekuwa lile lile: siku ambayo hakuna malipo, ni nani anayeibeba?

Tuanze nyuma kidogo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa 1911. Wafanyakazi wa kwanza walikuja kwa mikataba mifupi ya miezi. Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya kichwa kwa pesa, na kwa wanaume wengi njia ya kuipata pesa hiyo ilikuwa ni kwenda kuuza nguvu zao. Mkataba ukiisha, mtu alirudi kijijini. Siku zake za kukosa mshahara zililishwa na shamba, yaani na jasho la mke na wazazi. Mshahara uliweza kuwa mdogo kwa sababu kijiji kilikuwa kinalipa sehemu yake kimya kimya.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo. Kuwaleta watu wapya kila mara kulikuwa ghali, na wengi waliugua na kufa. Ikaanza mikataba ya miaka mitatu, nyumba za kambini, ruhusa ya kuishi na mke na watoto, hospitali, na posho ya kila juma. Hapo siku za kukosa kazi zilihamia kwa kampuni: mashine ikisimama, posho inaendelea. Lakini ulinzi huo ulidumu tu wakati shaba inauzika. Mdororo wa dunia ulipokuja, kati ya 1930 na 1932, kampuni ilipunguza maelfu ya wafanyakazi na kuwarudisha makwao.

Vita ya pili ya dunia ilileta hali ya pili. Sasa hakuna aliyekosa kazi. Washirika walihitaji shaba, na kazi ikaongezwa. Lakini bei za nguo na vitu vya dukani zilipanda kuliko mshahara. Mtu alichoka zaidi na kununua kidogo zaidi. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi waligoma, na tarehe 9 askari waliwapiga risasi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Wengi waliuawa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyekuwa akisema kwa niaba yao. Wale hawakuomba kazi, kwa sababu kazi walikuwa nayo. Waliomba malipo yanayolingana nayo.

Baada ya uhuru, mali za Union Minière zilichukuliwa na serikali mwaka 1967, na kutoka hapo ikatokea Gécamines. Wazee wetu wanakumbuka shule, hospitali na unga wa bukari. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi wa tisa 1990, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Hapo wengi waliendelea kwenda kazini miezi mingi bila kulipwa. Kwenye karatasi walikuwa wafanyakazi. Nyumbani walikula kile ambacho mama aliuza sokoni. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, kila mmoja na malipo yake ya mara moja. Sheria ya madini ya 2002 ilikuwa imeruhusu uchimbaji wa mikono katika maeneo maalumu, na watu wengi walioachwa na kampuni, au watoto wao, wakachukua nyundo na kamba.

Sasa tufanye hesabu ya shimo. Namba hizi nimezichagua ili hesabu ionekane vizuri; kila shimo lina zake. Vijana wanne wanaanza mwezi wa tano. Majuma matatu wanatoa udongo mtupu, kwa sababu madini yako chini. Hizo ni siku ngumu kuliko zote, na hakuna anayezilipa. Chakula, kamba na taa wanakopeshwa na mnunuzi, dola 300, kwa sharti kwamba madini watamuuzia yeye. Kisha majuma manne wanatoa madini. Mnunuzi anapima uzito kwa mizani yake na asilimia kwa mashine ambayo wachimbaji wanaiita metoreksi. Jumla inakuwa dola 1,800.

Mwenye shimo anachukua theluthi, dola 600. Zinabaki 1,200. Ondoa deni la 300, zinabaki 900. Gawanya kwa wanne: kila mmoja ana dola 225. Kijana akihesabu majuma manne ya madini peke yake, kwa siku sita za kazi kila juma, anaona zaidi ya dola 9 kwa siku, na anafurahi. Akiongeza majuma matatu ya udongo, inashuka chini kidogo ya dola 5 na nusu. Tuseme wanarudia hivyo mara tatu kabla ya mvua ya mwezi wa kumi na moja. Amepata dola 675. Mvua ikijaza shimo na kuta zikianza kuanguka, hachimbi tena mpaka mwezi wa tano. Lakini watoto wanakula siku 365. Gawanya tena: ni dola 1 na senti 85 kwa siku, kwa nyumba nzima.

Hapo ndipo udanganyifu ulipo. Kwa hesabu za kimataifa za kazi, mtu aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika juma linalopimwa anahesabiwa kuwa ana kazi. Kijana wetu mwezi wa saba anaitwa mfanyakazi, na kweli anafanya kazi. Ila sehemu kubwa ya kazi yake haina malipo, na miezi sita inayofuata haina hata hiyo. Tena bei si yake. Kobalti ilipanda hadi karibu dola 95,000 kwa tani mapema 2018, na mwaka uliofuata ikashuka mpaka karibu theluthi ya hapo. Shimo halikuwa rahisi zaidi kuchimba.

Kampuni ya zamani haikuwa na huruma. Risasi za 1941 zinashuhudia. Lakini tofauti iko wazi. Wakati wa kijiji, siku tupu zilibebwa na shamba. Wakati wa kambi zilibebwa na posho. Leo mwenye shimo ana theluthi yake, mnunuzi ana deni lake na mizani yake, na siku ya mvua imebaki kwa kijana peke yake. Ndiyo maana anayechukua mkopo wa kamba na taa mwezi wa tano afadhali aulize kwanza: udongo ukichelewa kuisha, au mvua ikiwahi, deni hili linakuwa la nani?