Karatasi ya Wazima, Karatasi ya Marehemu

Ukiingia kanisa la Kiorthodoksi nchini Urusi, karibu na mlango utakuta meza ya kuuzia mishumaa, na juu yake vikaratasi vya aina mbili. Kimoja kimeandikwa "O zdravii", kwa ajili ya afya. Kingine "O upokoyenii", kwa ajili ya pumziko la marehemu. Mwenye mgonjwa nyumbani huchukua cha kwanza, na hukitazama vizuri kabla ya kushika kalamu. Mengi katika desturi za Warusi za kumtakia mtu afya yanaanzia hapa, kwenye hofu ya kumwandika mzima upande wa wafu.

Kikaratasi kina taratibu zake. Juu kuna msalaba, chini majina kama kumi hivi, bila jina la ukoo wala la baba, na hilo ni ajabu kwa watu wasiomtaja mkubwa bila kutaja na baba yake. Jina liwe la ubatizo: Ivan huandikwa Ioann, Yuri huwa Georgi, Svetlana huwa Fotinia. Jina la mgonjwa hutanguliwa na neno "bolyashchi", anayeumwa. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 7 huandikiwa "mladenets". Vikaratasi hupelekwa altareni kabla ya liturujia, majina yakasomwa, na kwa kila jina padri humega chembe ya mkate uitwao prosfora. Waumini wakishakomunika, chembe zote hutiwa ndani ya kikombe kitakatifu. Wenye kuombea jamaa zao mara kwa mara huwa na kijitabu, pomyannik, chenye sehemu mbili zilezile. Mtu akifariki, jina lake huhamia sehemu ya pili.

Mishumaa nayo haichanganywi. Wa marehemu husimamishwa kwenye meza ndogo yenye msalaba, na wa mgonjwa mbele ya ikoni, mara nyingi ya Mtakatifu Panteleimon, tabibu, ambaye sikukuu yake ni tarehe 9 Agosti. Hapo ndipo ushirikina ulipopenyea: wapo wanaoamini kwamba ukimwashia adui yako mshumaa wa wafu utamdhuru. Mapadri hulikemea jambo hilo, lakini halijaisha. Hata mtu anayeanza hotuba kwa furaha akaimaliza kwa balaa, Warusi husema ameanza na sala ya afya akamalizia na sala ya maiti.

Mtu akiwa maarufu, salamu za afya haziishii kanisani. Januari 1837, mjini St. Petersburg, mshairi Pushkin alipigwa risasi ya tumbo katika pambano la bastola na Mfaransa d'Anthès, akarudishwa nyumbani kwake kando ya mto Moika. Watu wakafurika mlangoni kumjulia hali. Rafiki yake Zhukovsky, naye mshairi, akawa anaandika taarifa fupi za hali ya mgonjwa na kuzibandika mlangoni ili umati usome wenyewe. Ya mwisho ilisema hali yake ni ya hatari sana. Siku ya pili baada ya pambano alikata roho.

Baada ya mapinduzi ya 1917 makanisa mengi yalifungwa, na kwa watu wengi salamu kwa mgonjwa zikabaki kupitia dirisha la hospitali. Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa chache, na wodi za wazazi zilifungiwa wageni kabisa, hata baba wa mtoto. Kwa hiyo watu walipeleka "peredacha", mfuko wa kumpelekea mgonjwa, neno lilelile linalotumika kwa mfungwa. Ndani mlikuwa na matofaa, machungwa yakipatikana, mtindi, chupa ya supu ya kuku, na kijibarua kilichokunjwa. Juu jina la mgonjwa na namba ya chumba. Mhudumu alipokea, akakagua, akarudisha kilichokatazwa. Akina baba walibaki chini ya madirisha wakipaza sauti kuuliza mtoto kafanana na nani.

Ujumbe wa siku hizi unatumwa kwa simu, lakini umebaki mfupi. Rafiki huandikiwa "vizdoravlivai", pona. Mkubwa wa kazi huongezewa "-te" ya heshima, au huandikiwa "skoreishego vizdorovleniya", uponaji wa haraka, bila kitenzi, maana "nakutakia" inaeleweka tu. Kwa mkubwa "usiumwe" ya kirafiki, "ne bolei", haifai: ni ya watu waliozoeana.

Ukienda mwenyewe na maua, hesabu. Idadi ya shufwa, mawili, manne, sita, ni ya mazishi. Mgonjwa hupelekewa matatu au matano, na muuzaji atakuuliza ni ya nini ukiomba manne. Shada likiwa kubwa mno wengi hawahesabu tena. Kwenye chumba cha wagonjwa mahututi maua hayaruhusiwi kwa kawaida, kwa hiyo hapo utauliza kwanza kwa wauguzi kama wanapokea hata machungwa.