Noti Ziliongezeka, Bei Zikatulia: Austria, 1922

Agosti 1922 bei nchini Austria zilizidi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Serikali ilibeba ruzuku ya mkate na jeshi la watumishi iliowarithi kutoka himaya ya Habsburg iliyovunjika, na pengo la bajeti ililiziba kwa noti mpya. Mwisho wa mwezi huohuo kroni ilitulia dhidi ya dola, na baada ya Septemba bei nazo zikatulia. Mitambo ya kuchapa noti, hata hivyo, haikuwa imesimama. Benki kuu iliendelea kuikopesha serikali hadi Novemba, na kufikia mwisho wa 1924 noti zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara sita.

Anayeamini kwamba bei hufuata wingi wa noti peke yake hukwama hapa. Mwanauchumi Thomas Sargent, katika makala yake ya 1982, alielekeza macho kwenye kinachoisimamia noti. Awali noti za Austria zilisimamiwa na hati za hazina ambazo hakuna aliyetarajia zingelipwa kwa kodi. Itifaki za Geneva za Oktoba 4 ziliibadili hali hiyo: mkopo wa kroni za dhahabu milioni 650 ulioungwa mkono na mataifa ya nje, kamishna wa Shirikisho la Mataifa wa kukagua matumizi, na benki kuu mpya, iliyofunguliwa Januari 1923, iliyokatazwa kuikopesha serikali bila dhamana ya dhahabu au fedha za kigeni. Watu waliokuwa wakiikimbia kroni walianza kuiweka, na noti za ziada zikapata wa kuzishika. Kinyume chake, Zaire ilipotoa zaire mpya mwaka 1993, ikifuta sufuri sita za noti za zamani na kugawanya kwa tatu, haikugusa bajeti. Mwaka uliofuata bei zilipaa zaidi.

Na gharama ya kuukomesha mfumuko, je? Mfumuko wa kawaida huacha mikataba ya mishahara ya mwaka mmoja au miwili inayobeba ongezeko la jana hadi kesho, kwa hiyo kuukata ghafla huwatupa watu nje ya kazi. Austria ya 1922 haikuwa tena na mikataba ya namna hiyo. Mishahara ilirekebishwa kila mara kufuata bei, na wafanyabiashara walikadiria bei kwa fedha za kigeni. Kroni ilipotulia, bei zote zilitulia pamoja nayo.

Mwanauchumi Elmus Wicker alipinga kwamba gharama ilikuwa ndogo, na ana hoja: majira ya baridi yaliyofuata wasio na kazi walizidi laki moja. Naona, hata hivyo, kwamba sehemu ya mzigo huo ilitokana na viwanda vilivyoishi kwa kroni dhaifu na mikopo iliyolipwa kwa noti zisizo na thamani, na sehemu nyingine na makumi ya maelfu ya watumishi walioachishwa. Hao wa pili walikuwa ndiyo nakisi yenyewe. Bila kuwapunguza, ahadi ya Geneva isingeaminiwa na yeyote.